Macho ya Baba kwenye Karatasi

Katika miaka ile ya hamsini, reli ilipokuwa bado ngeni Mpanda na mgodi ukiwa umewaleta watu wa kila kabila, mimi na mume wangu tulikuwa na studio ya picha pale Shanwe. Yeye alipiga, mimi niliosha. Watu walimsifu yeye, kwa kuwa ndiye waliyemwona akiinamia kamera yake ya kasha, kitambaa cheusi kichwani. Mimi walinijua kwa vidole vyangu, vilivyokuwa vya kahawia kwa dawa hata siku ya harusi. Sikujali sana. Nilijali kidogo.

Umeme ulikuwa mgodini, sisi hatukuwa nao. Kwenye ukuta wa chumba cha giza tulitoboa tundu, na nje yake tukaegesha kioo cha kujitazamia ili jua ligonge kioo, liingie tunduni, lipite kwenye mashine ya kukuzia picha. Wingu likipita juu ya Mpanda, kazi yangu ilisimama, nami nikabaki nagombana na wingu peke yangu. Pembeni niliwasha chemli yenye kioo chekundu. Karatasi zetu za picha hazikuuona mwanga mwekundu hata kidogo, na wa njano ziliuona kwa shida. Bluu ndiyo ziliyoijua. Kwa hiyo chini ya chemli ile niliweza kuzishika bila kuziharibu. Lakini upofu ule ule wa karatasi ulionisaidia gizani ulinitia aibu mbele ya wateja. Bibi harusi mmoja alikuja na gauni jekundu la kutamanisha, likatoka jeusi tititi, akaniuliza kwa upole kama nimemwozesha au nimemfiwisha. Tulimpiga upya amejitanda shuka nyeupe ya mama yake.

Mgodini kulikuwa na Mzungu kijana aliyepima mawe maabarani. Alikuwa mpole, miguu myembamba ndani ya kaptula, na haya zilizozidi za mwari. Alikuwa na filamu za rangi, kitu ambacho wengi wetu tulikuwa tunakisikia tu, na kwa kuwa alizijua dawa, alizisafisha mwenyewe badala ya kuzipeleka Ulaya. Zilitoka vipande vidogo, akavitia kwenye fremu za karatasi ngumu. Ukiinua kimoja kwenye mwanga unaona watu wamo ndani, wadogo, na rangi zao. Ila maji ya Mpanda yalikuwa ya moto na dawa zile zilitaka maji ya baridi. Basi rangi zilimkosea. Vipande vingine vilitoka kijani chote, vingine njano yote, mbingu na watu na mbuzi, kama vimepikwa na bizari.

Alikuwa amewaahidi watu picha zao, naye hakuweza kumpa mtu kipande cha ukubwa wa ukucha akainue juani maisha yake yote. Akatuomba tuvigeuze kuwa picha za karatasi, nyeusi na nyeupe. Mume wangu alimwambia tutajaribu, kisha akanipa mimi nijaribu.

Nilifanya hivi. Kipande cha rangi nilikiweka kwenye mashine ya kukuzia nikakiangazia kwenye karatasi. Karatasi ile, baada ya dawa, ilitoka kinyume, cheupe kikawa cheusi na cheusi kikawa cheupe. Ikikauka, niliilaza kifudifudi juu ya karatasi mpya, nikaibana kwa kioo, nikaipitishia mwanga. Karatasi ya pili ikarudisha kila kitu mahali pake.

Ya kwanza kutoka vizuri ilikuwa ya mama mmoja stesheni, amesimama na mtoto wake mbele ya behewa jekundu. Katika rangi, behewa lilikuwa limewameza. Jicho lilikwenda kwenye ule wekundu likakaa huko. Kwenye karatasi yetu behewa likawa ukuta mweusi uliotulia, na mbele yake ukaonekana mkono wa mama juu ya kichwa cha mtoto, umemshikilia kwa hofu ya treni. Ile kijani mbovu ya dawa nayo iliondoka yote. Yule Mzungu aliitazama, akasema hakujua kuwa alikuwa amepiga picha ya mkono. Nilimpenda kuanzia siku ile, mapenzi ya kumpikia chai.

Zingine hazikukubali. Alileta ya rafiki yake akipita na pikipiki, mtu amekuwa ukungu mtupu, akatumaini kwamba rangi ikiondoka, sura itarudi. Rangi iliondoka, ukungu ukabaki pale pale. Alileta ya mti uliojaa maua mekundu katikati ya majani ya kijani, na ile, kusema kweli, ilikuwa nzuri kama ilivyo. Nilimwambia aiache. Hakuacha. Kwenye karatasi, maua na majani yakawa giza moja, huwezi kujua mti umechanua au umeungua. Mume wangu akamweleza, kwa Kiswahili cha taratibu alichotumia kwa wageni, namna alivyoona yeye jambo hili.

“Kama rangi inakusumbua njiani, itoe, utaona vizuri. Lakini kama ni rangi ndiyo inayokuambia habari, ukiitoa umeinyamazisha tu.”

Nilidhani ni maneno ya kumpamba mgeni. Mume wangu alipenda kusema vitu vya namna hiyo mbele ya watu, nami nilipenda kuguna.

Sasa nimtaje baba. Baba yangu alikaa Kakese na mdogo wake, baba yangu mdogo. Wote wawili walikuwa warina asali tangu ujana, walitundika mizinga ya magome porini na wakaja mjini kuuza nta kwa wenye maduka. Mama alikuwa amefariki. Baba hakutaka kuja kukaa nasi, alisema mji unanuka dawa, akimaanisha mimi. Katika miezi ile alikuwa amepungua. Alikula kidogo akasukuma sahani, alijikuna mikono huku akizungumza, na mara nyingine alishika ubavu wa kulia akasema ni uzee unabisha hodi. Nilimwomba aende hospitali mpaka nikachoka kuomba. Aliniambia waliokwenda hospitali ndio wanaokufa, na kweli mama alifia huko.

Nami naogopa kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa: hakuna aliyekuwa amemtazama baba machoni. Mimi binti yake nilimsalimu nikipiga magoti, macho chini, kama nilivyolelewa. Mume wangu alikuwa mkwe, na kwetu mkwe hamkazii macho baba wa mkewe. Anakaa upande, anajibu akitazama mlango. Mtu ambaye kazi yake ni kutazama nyuso za mji mzima, uso mmoja asioruhusiwa kuutazama ulikuwa wa baba yangu. Baba mdogo ndiye aliyemwona kila siku, na anayekuona kila siku haoni unapobadilika.

Basi Jumamosi moja yule Mzungu akawakuta wazee wetu mbele ya duka wanapimiwa nta. Akawaomba wasimame bega kwa bega, akawapiga kwa filamu yake ya rangi. Wala hakujua ni watu wangu. Wiki ile ile akaisafisha, akaniletea kipande. Nilikiinua kwenye mwanga wa mlangoni, na nilipowaona wale wawili wadogo mle ndani, nilicheka kwa sauti mpaka mume wangu akatoka kuangalia. Dawa ilikuwa imekosea tena, sana. Kila kitu kilikuwa njano: kuta, nta, mashati yao meupe, meno ya baba mdogo. Hii ni ya kutoa rangi bila kufikiri mara mbili, nikasema. Mume wangu alikubali.

Nilichagua karatasi nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo. Nilitaka kumpa baba zawadi.

Picha ilitoka tamu. Njano yote ilikwisha, mashati yakatulia, mikunjo ya mikono ya wazee ikaonekana. Nyuso zilikuwa nyeusi kupita kiasi, lakini hayo ni mazoea ya karatasi ile kwa ngozi zetu. Jambo moja tu lilinikwaza. Baba hakuwa na macho. Nina maana pale penye weupe wa jicho palikuwa na kijivu kizito, nacho kilizama kwenye uso. Nilidhani nimechafua. Nikaitengeneza upya, nikaosha vyombo, nikabadili dawa. Macho ya baba yakatoka yale yale.

Mume wangu alitazama, akasema ni karatasi. Karatasi haioni njano, inaifanya nyeusi, na macho ya warina asali ni ya moshi, hayana weupe wa macho ya mtoto. Alikuwa na mabamba machache ya filamu nzuri aliyoyatoa Tabora, ile inayoona rangi zote, ambayo hufunguliwa katika giza tupu hata chemli nyekundu imezimwa. Alikuwa akiitunza. Siku ile aliitoa kwa ajili ya baba yangu. Akakipiga upya kile kipande juu ya filamu ile, akaweka kioo cha njano mbele ya lenzi ili njano ipite bila kuzuiwa na iwe nyepesi. Kazi ya giza tupu aliifanya kwa kupapasa, nami nilimshika mkanda wa suruali ili asigonge beseni. Tulicheka mle kama watoto wezi wa sukari.

Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa picha. Ngozi za wazee zilifunguka, ukaona kovu la nyuki kwenye shavu, ukaona ndevu. Na macho ya baba yalikuwa meupe. Mume wangu aliishika kwa ncha za vidole, akaniambia, huku akitazama chini kama mwenye haya, kwamba huyu ndiye baba mkwe wake, kwamba hajawahi kumwona vizuri namna hii. Moyo wangu ulimyeyukia. Nilimpenda mume yule kwa sababu nyingi, na mojawapo ni hiyo.

Jioni nilizianika zote mbili kwenye kamba, ile mbaya na ile nzuri. Nilikuwa natwanga, nikainua macho. Nikaacha kutwanga.

Kilichonisimamisha hakikuwa baba, kilikuwa baba mdogo. Wamesimama bega kwa bega, jua moja, dawa moja, karatasi moja. Moshi walioula ni mmoja, tangu ujana wao. Kama karatasi ndiyo yenye makosa, au ile bizari ya Mzungu, ingewafanyia wote wawili. Lakini kwenye picha mbaya macho ya baba mdogo yalikuwa meupe ya kawaida, yamefifia kidogo tu, sawa na shati lake. Macho ya baba yalikuwa na giza kuliko shati lake mwenyewe. Maana yake njano iliyokuwa imeenea kila mahali, kwake ilikuwa imeongezeka. Ilikuwa yake.

Nilimwita mume wangu. Nilimwonyesha kwa kidole cha kahawia: hapa, na hapa. Alianza kusema habari za moshi, akaishia katikati. Alikwenda ndani akachukua kile kipande cha rangi na kioo kikubwa cha kusomea, akakiinua kwenye mwanga uliobaki.

“Nimempendezesha,” alisema. “Nimemfutia ugonjwa wake kwa kioo cha njano.”

Nilimwambia hakufuta kitu, ugonjwa uko Kakese, unalala na baba. Nilisema kwa ukali, nilikuwa na hofu. Alinishika bega, akaniacha nilie, kisha akaenda kujaza upepo baiskeli.

Kesho yake asubuhi alinipakia hadi Kakese, picha mbili zimefungwa kwenye kanga yangu. Baba alikuwa nje akisuka kamba ya mzinga. Nilipiga magoti, nikamsalimu, na kwa mara ya kwanza tangu nivunje ungo sikushusha macho. Yalikuwa njano. Palepale juani, njano ya ndani kabisa, na viganja navyo. Nikajiuliza mimi nilikuwa naishi wapi.

Alikasirika kidogo kwamba namtazama. Nikampa picha nzuri kwanza. Alifurahi nayo mno, akamwita mdogo wake, wakacheka jinsi walivyosimama kama askari. Alisema mkwe wake ni fundi. Mume wangu, aliyekuwa upande akitazama mlango kama kawaida, alisema kwa sauti ndogo kwamba iko nyingine, na hiyo ndiyo anayoomba baba aiangalie.

Nikampa ile mbaya. Niliogopa ataitupa. Baba alikuwa mtu wa kuona. Rina asali miaka yote hiyo utajua kuona nyuki mmoja juu ya mti mrefu. Aliiweka kwenye goti. Akatazama sura yake, akatazama ya mdogo wake, akarudi kwenye yake.

“Mwenzangu macho anayo,” alisema. “Mama, yangu yamekwenda wapi?”

Aliniita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake, lakini siku ile alilitamka kama mtoto anayeuliza mama kweli. Nilimweleza. Nilimwambia karatasi hii ni kipofu wa njano, chochote cha njano inakitia giza, na kati ya watu wawili imetia giza macho yake peke yake. Nilimuuliza kuhusu mkojo wake, jambo ambalo binti hamwulizi baba yake, nikatazama ardhi nilipouliza. Baba mdogo ndiye aliyejibu: ni wa rangi ya chai ya rangi, tangu masika.

Baba akageukia upande wa mume wangu. “Ile nyingine macho ni meupe. Nyie watu wa picha, ipi ni ya kweli?”

Mume wangu alimwambia ile nzuri ni ya kweli kwa uso, kovu na ndevu ni zake kabisa, hakumwongezea kitu. Ila kwa macho imemficha. Na akamwomba, akisimama sasa, kwa heshima zote, amruhusu amtazame. Baba akaiweka picha chini, akainua uso wake. Nikamwona mume wangu akimtazama mkwewe machoni, mchana kweupe, machozi yakimtoka, wala hakuna aliyemkemea.

“Haya,” baba alisema. “Twendeni huko kwenu kunakonuka dawa.”

Mganga wa hospitali ya Mpanda alimbonyeza ubavu, akasema ni mawe ya nyongo, yameziba njia, na hapo hayawezi kutolewa. Tukapanda treni ya Tabora, baba na mimi. Njia nzima alishika kile kifurushi cha kanga. Nilidhani ameishika ile nzuri. Usiku alipolala nikachungulia, ilikuwa ile mbaya. Daktari wa Tabora alipomuuliza tangu lini, baba aliitoa na kumwonyesha kama cheti. Daktari hakuelewa mara moja. Nilipomweleza, aliomba aiangalie tena.

Walimpasua. Sitasema mengi ya siku ile, isipokuwa kwamba nilikaa kwenye benchi la nje nikimwahidi Mungu mambo ambayo mengine sijayatimiza. Alitoka. Mawe waliyomtoa alipewa kwenye kichupa, akakaa nayo miaka mingi na kuyaonyesha wageni kwa majivuno yasiyo na haya.

Tuliporudi, na baba akapata nguvu za kukaa nje, mume wangu alibeba kamera yake ya kasha mpaka Kakese. Kasha lile linapiga moja kwa moja kwenye karatasi, karatasi yetu ile ile ya kawaida, isiyojua njano. Yule Mzungu alikuja pia na akajitolea kupiga kwa rangi. Mume wangu alimshukuru, akasema leo hapana. Kioo cha njano alikiacha nyumbani, juu ya meza, nilikiona. Akawasimamisha wale wazee bega kwa bega kama siku ile ya nta.

Tulirudi Shanwe na karatasi ya kinyume, na siku ya pili, jua lilipogonga kioo, nikaipitishia mwanga juu ya karatasi mpya. Mume wangu alifunga mlango akaja kusimama nyuma yangu. Niliizamisha kwenye dawa. Picha haianzi yote kwa pamoja: kwanza zilikuja kofia, kisha nyuso, kisha kuta na vivuli, kila kitu kikiingia giza lake. Mashati yalibaki meupe. Macho ya baba mdogo yalibaki meupe. Sote wawili tulikuwa tumeinamia beseni tukiyatazama yale mengine mawili, tukingoja yaingie giza. Tulingoja mpaka picha ikapitiliza, mpaka nyuso zikaiva kupita kiasi na mume wangu akaninong’oneza niitoe, itaharibika. Sikuitoa. Nilitaka kuwa na hakika. Picha ile iliharibika kweli, weusi umezidi, haifai kwa mteja yeyote. Ndiyo iliyo ukutani kwangu mpaka leo, na macho meupe manne.